Nyuzi 37.5 kwapani: barua ya mwalimu kwa wazazi kuhusu mtoto mwenye homa

Wakazi wengi wa Kaunti ya Bomet walianza kuona vipimajoto langoni mwa shule tarehe 12 Oktoba 2020, wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 waliporejea masomoni baada ya miezi saba ya kufungwa kwa shule. Madarasa mengine yalirejea tarehe 4 Januari 2021. Foleni za kupimwa joto langoni zimekwisha, lakini swali moja bado huzuka kila msimu wa mvua na baridi: mtoto akiamka na joto, aende shule au abaki nyumbani?

Barua ya mwalimu ndiyo humjibu mzazi swali hilo. Iwapo barua inataja nambari peke yake, mzazi anaweza kuifuata neno kwa neno na bado akamtuma mtoto mgonjwa darasani. Hapa chini pana mfano wa barua ambayo mwalimu wa darasa katika wadi ya Siongiroi anaweza kuituma nyumbani, pamoja na maelezo ya kila sharti lililomo.

Barua yenyewe

*Kwa wazazi na walezi wa Gredi ya 3,*

*Chamgei. Muhula huu tunaomba tushirikiane kuhusu watoto wenye homa.*

*Mtoto akipimwa kwapani na kipimajoto kikaonyesha nyuzi 37.5 au zaidi, abaki nyumbani siku hiyo. Asije shule hata kama anasema amepata nafuu.*

*Atarudi darasani baada ya kukaa saa 24 bila homa na bila kupewa dawa ya kushusha joto. Tafadhali msimpe mtoto Panadol asubuhi ili afike shule.*

*Mtoto anayetapika, anayeharisha au mwenye upele mpya mwilini abaki nyumbani pia, hata kama joto lake ni la kawaida.*

*Akipata homa akiwa shuleni, tutamketisha mahali penye utulivu, tutampima tena baada ya robo saa, kisha tutakupigia simu. Hakikisha tuna nambari yako na ya mtu mwingine anayeweza kumchukua.*

*Siku atakazokosa hatahesabiwa kuwa mtoro. Nitamtumia kazi aliyoikosa.*

*Wenu, Mwalimu wa Darasa*

Kwa nini 37.5, na kwa nini kwapani

Joto la ndani ya mwili wa mtoto mzima wa afya huwa karibu nyuzi 37. Likifika 38 ndani ya mwili, hiyo ni homa. Lakini kipimajoto kilichowekwa kwapani hupima joto la ngozi iliyofunikwa na mkono, na kwa kawaida husoma takriban nusu nyuzi chini ya joto la ndani. Ndiyo sababu wahudumu wa afya wanaowaangalia watoto huhesabu 37.5 ya kwapani kuwa homa. Nambari isiyotaja mahali pa kupimia haijakamilika.

Mkono wa mama juu ya paji la uso ni mwanzo mzuri, lakini hautoshi. Aliyetoka kuchota maji ya baridi atahisi kila mtoto ana joto, na aliyetoka jikoni atahisi hakuna mwenye homa. Mfugaji wa Siongiroi anayepeleka maziwa kwenye kituo cha kupozea hakubali yapimwe kwa kutazamwa tu, bali hungoja kipimo. Mtoto naye apimwe vivyo hivyo.

Kipimajoto cha dijitali cha kwapani huuzwa katika maduka ya dawa. Kabla ya kupima, mtoto apumzike kama robo saa ikiwa ametoka kukimbia, kuota moto au kunywa chai moto. Pangusa jasho kwapani, weka ncha ya kipimajoto katikati ya kwapa ikigusa ngozi wala si nguo, kisha mkono ubane kifuani mpaka kilie. Kikionyesha 99.5 usishtuke: kimewekwa kwenye °F, na 99.5 °F ndiyo 37.5 °C.

Kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso ni chepesi kutumia, lakini hukosea kwa urahisi. Mtoto aliyetembea kwenye baridi ya alfajiri huwa na paji baridi, na mwenye homa anaweza kusomwa 36. Aliyesimama juani husomwa juu kuliko alivyo. Vingi vya vipimajoto hivyo pia vina namna mbili za kupima, `Body` na `Surface`. Kikiachwa kwenye `Surface` husoma joto la ngozi tupu, na darasa zima huonekana lina nyuzi 33 au 34. Mwalimu akiona nambari kama hizo, aangalie kwanza kifaa. Na mtoto anayeonekana mgonjwa huku kifaa cha paji kikisema yu mzima apimwe tena kwapani.

Kwa nini saa 24, na kwa nini bila dawa

Panadol na dawa nyingine zenye parasetamoli hushusha joto kwa takriban saa nne hadi sita. Haziui vijidudu vilivyoleta homa. Mtoto aliyepewa kidonge saa kumi na mbili asubuhi anaweza kupita langoni akiwa na 36.9, na kufikia saa tano anatetemeka kwenye dawati, baada ya kukaa asubuhi nzima bega kwa bega na wenzake.

Sababu ya pili ni kwamba joto la mwili hubadilika kwa saa. Huwa chini alfajiri na hupanda jioni. Kipimo kimoja cha asubuhi kinaweza kumdanganya mzazi, lakini saa 24 humpitisha mtoto katika asubuhi, mchana, jioni na usiku.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mtoto wa miaka minane mwenye uzito wa kilo 20. Jumatatu saa mbili usiku anapimwa kwapani na kusomwa 38.4. Mama anampa parasetamoli. Kipimo chake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, yaani 200 hadi 300 kwa mtoto huyu, kwa hiyo nusu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha. Dawa hiyo isirudiwe kabla ya saa nne kupita, wala isizidi mara nne kwa siku. Aspirini asipewe mtoto.

Jumanne saa kumi na moja unusu alfajiri, anasomwa 37.1. Hapa ndipo uamuzi ulipo. Mama ana kibarua cha kuchuma majani chai, na malipo ni kwa kilo. Siku asiyokwenda ni siku isiyolipwa. Nambari iko chini ya 37.5. Kama barua ingetaja nambari tu, mtoto angevaa sare na kwenda. Lakini barua inataka saa 24, na zimepita tisa na nusu tu tangu homa. Mama anamwachia nyanya mtoto pamoja na kipimajoto. Saa tano asubuhi, mtoto anasomwa 38.0.

Nyanya anampeleka kituo cha afya. Bomet ni kati ya kaunti za nyanda za juu ambako malaria inaweza kulipuka baada ya mvua, na mwongozo wa Kenya ni kupima damu kabla ya kutoa dawa ya malaria. Kipimo kinaonyesha malaria. Anaanzishiwa dawa ya AL saa sita mchana: mara sita kwa siku tatu, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Dawa hii huingia vizuri mwilini ikimezwa pamoja na chakula au maziwa.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi bado ana 37.7, na anapewa parasetamoli kwa mara ya mwisho. Saa sita mchana anasomwa 37.0. Jioni, dawa ya kushusha joto ikiwa imeisha nguvu, anasomwa 36.9. Saa 24 zinahesabiwa kuanzia kipimo cha Jumatano saa sita, kwa hiyo zinatimia Alhamisi mchana. Alhamisi asubuhi anasomwa 36.7 na anaomba kwenda shule, lakini bado anabaki. Alhamisi jioni anameza dozi ya sita ya AL, na Ijumaa anarudi darasani. Dawa ya malaria haikuwa kizuizi, kwa kuwa sharti la barua linahusu dawa ya kushusha joto pekee.

Malaria haiambukizwi kwa kukaa karibu. Lakini mama hakujua Jumatatu usiku kwamba ni malaria. Homa ya mafua, surua na malaria huanza kwa kufanana, na kukaa nyumbani hutoa nafasi ya kujua ni ipi.

Nambari haisemi kila kitu

Mtoto mwenye 38.5 anayecheza na kunywa uji anaweza kuwa na hali nzuri kuliko mwenye 37.6 aliyelegea. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunywa, akitapika kila anachopewa, akihema kwa shida, akikaza shingo au akiwa mgumu kuamka, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, kipimajoto kiseme lolote. Homa iliyofika siku ya pili bila sababu kujulikana ipelekwe kituo cha afya, na isitibiwe kwa vidonge vilivyobaki nyumbani.

Usimmwagie mtoto maji baridi ili kushusha joto, kwani kutetemeka huongeza joto. Mvue nguo nzito na umpe vinywaji mara kwa mara.

Familia isiyo na kipimajoto imwulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake. Mzazi andike kwenye karatasi saa, nambari na dawa aliyotoa. Karatasi hiyo humsaidia nyanya anayeachiwa mtoto, muuguzi anayempokea kituoni, na mwalimu siku mtoto anaporudi.