Matokeo Yako Kwanza, Shiferaw Baadaye

Aya nyingi za majadiliano ya matokeo huharibika kwenye neno la kwanza kabisa: jina la mtafiti mwingine. Jina hilo likishatangulia, maelezo ya utafiti wake hufuata, na msomaji hujikuta amerudishwa sura ya pili.

Chukua mwanafunzi anayechunguza kwa nini wakulima wa Babati wamepunguza eneo la mbaazi. Tuseme amehoji kaya 90; 58 zimepunguza, na nyingi kati ya hizo zimetaja bei. Rasimu yake inaanza: “Shiferaw, Kebede na You (2008) walichunguza matumizi ya mbegu bora za mbaazi Tanzania, wakabaini kuwa upatikanaji wa mbegu ni kikwazo. Utafiti huu unatofautiana nao.” Hapo anakoma, wakati kazi ndiyo kwanza ingeanza.

Kabla ya kuandika “unatofautiana”, auangalie utafiti ule uliuliza nini. Wale waliuliza kinachomzuia mkulima kupata na kutumia mbegu mpya. Yeye anauliza kinachomfanya anayelima tayari apunguze shamba. Majibu mawili ya maswali mawili hayapingani. Pili, aangalie mwaka. Agosti 2017 India, soko kuu la mbaazi zetu, iliweka ukomo wa kiasi kinachoingizwa nchini humo, na bei huku ikaporomoka. Utafiti wa 2008 usingeweza kuliona hilo.

Sasa aya iandikwe upya: “Kaya 58 kati ya 90 zimepunguza eneo la mbaazi, nyingi zikitaja bei. Kikwazo cha mbegu kilichobainishwa awali (Shiferaw na wenzake, 2008) kilihusu kuingia kwenye kilimo cha mbegu bora. Matokeo haya yanahusu kubaki kwenye zao lenyewe. Huenda ukomo wa India wa 2017 umehamisha tatizo kutoka kwenye mbegu kwenda sokoni.” Utafiti wa watu umebaki na sentensi moja, tena nusu yake ni ya mwanafunzi. Sampuli na mbinu zao zitajwe hapa pale tu zinapoeleza tofauti.

Kipimo changu ni kufuta takwimu zote za mwandishi kwenye aya. Ikiendelea kusomeka vizuri bila hizo, basi hayo ni mapitio ya machapisho, yarudi yalikotoka.

Neno “huenda” nisingelifuta, hata msimamizi akilalamika. Mbaazi Babati hupandwa pamoja na mahindi na huvunwa miezi mingi baadaye, mahindi yakiwa yameshatoka shambani. Kwa hiyo aliyeguswa na bei ya Agosti 2017 alikuwa ameshapanda, akaanza kupunguza msimu uliofuata. Mwanafunzi arudi kwenye hojaji atazame mwaka ambao kila kaya ilipunguza. Zikionekana nyingi zilizopunguza 2015 au 2016, hoja ya India haitoshi, na atafute maelezo mengine kwenye data yake kabla ya kumtafuta wa kumnukuu.