Maziwa ya Kulipa Kibarua na Kodi ya Shamba Mahindi Yakiwa Bado Shambani



Katika skimu za Trans Nzoia mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Machi au Aprili, na huvunwa kuanzia Oktoba. Fedha za mahindi basi huja kwa kishindo mwisho wa mwaka, kisha hunyamaza. Lakini kibarua wako hula kila mwezi, na mwenye shamba ulilokodi hangojei mvua. Mkulima akikosa kumlipa kibarua mwezi wa Juni, kibarua huondoka wakati magugu yameshika mahindi. Akikosa kodi mwezi wa Januari, eka zile hupewa jirani. Kwa hiyo fedha zinazokosekana katika miezi mikavu hupunguza mavuno ya mwaka unaofuata.

Wengi wenu mna ng'ombe mmoja au wawili wa gredi, na maziwa huuzwa yakizidi ya nyumbani. Somo la mwezi huu ni namna ya kuyafanya maziwa hayo kuwa kazi ya pili iliyo na shabaha: kulipa mshahara na kodi, miezi yote kumi na miwili. Tumechagua maziwa kwa sababu ng'ombe hula mabua ya mahindi yako, samadi yake hurudi shambani, na kibarua yule yule unayemlipa ndiye atakayemhudumia. Hutaongeza mshahara wa pili.

1. Anza na deni, usianze na ng'ombe

Kwanza andika katika daftari yale tu ambayo lazima yalipwe hata kama hakuna kilichouzwa. Tuchukue mfano wa mkulima mwenye eka tano zake mwenyewe na eka tatu za kukodi. Tuseme kibarua wake mmoja hupata shilingi 9,000 kwa mwezi. Kodi ni shilingi 12,000 kwa eka kwa mwaka, yaani 36,000 kwa eka tatu. Ukigawanya kwa miezi kumi na miwili, kodi ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Basi deni lake la kila mwezi ni shilingi 12,000. Karo ya shule na mbolea zisiingie hapa. Hizo ni kazi ya mahindi.

Sasa geuza deni hilo kuwa lita. Tuseme chama cha ushirika hununua lita kwa shilingi 45, na unga wa ng'ombe, chumvi, dawa ya kupe, saileji na gharama ya kupeleka maziwa hula shilingi 20 katika kila lita. Zinabaki shilingi 25. Gawanya 12,000 kwa 25, utapata lita 480 kwa mwezi, yaani lita 16 za kuuza kila siku. Hiyo ndiyo shabaha. Bei za kwenu zikiwa nyingine, weka zenu na ufanye hesabu ile ile. Usihesabu shilingi 45 kana kwamba zote ni zako. Kosa hilo ndilo linalomfanya mtu aseme maziwa yanalipa, na huku anakopa unga wa ng'ombe dukani.

2. Ng'ombe wawili, wazae miezi sita mbalimbali

Ng'ombe mmoja hawezi kazi hii. Hata akiwa mzuri, maziwa yake hupanda baada ya kuzaa, kisha hushuka, na miezi miwili kabla ya kuzaa tena lazima aachwe asikamwe ili apumzike. Ng'ombe wawili waliozaa pamoja nao hawafai, kwa sababu watakauka pamoja. Dawa ni kuwapanga: mmoja azae Februari, mwingine Agosti.

Tuseme kila mmoja hutoa lita 15 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, lita 11 katika miezi mitatu inayofuata, na lita 7 katika miezi minne ya mwisho. Kisha hupumzika miezi miwili.

Kuanzia Februari hadi Aprili, ng'ombe wa Februari atatoa lita 15 na wa Agosti lita 7, jumla 22. Toa lita 4 za ndama na 2 za nyumbani, zinabaki 16. Mwezi wa Mei ndama ameachishwa, na jumla ni lita 18. Toa 2 za nyumbani, bado ni 16. Agosti hadi Novemba mambo ni hayo hayo, ila ng'ombe wamebadilishana zamu. Basi miezi minane shabaha inafikiwa.

Miezi minne haifikiwi. Juni na Julai ng'ombe wa Agosti anapumzika, Desemba na Januari ni wa Februari. Hapo una lita 11 tu, na za kuuza ni 9. Zinapungua lita 7 kila siku, yaani shilingi 5,250 kwa mwezi. Pengo la Desemba na Januari si shida, kwa kuwa mahindi yapo ya kuuza. Pengo la Juni na Julai ndilo la hatari, nalo ni shilingi 10,500. Fedha hizo zitoke katika mahindi ya Desemba. Gunia likiwa shilingi 3,000, ni magunia matatu na nusu. Yauze na uziweke fedha hizo katika sako kwa jina la Juni, kabla hujanunua kitu kingine.

3. Siku ishirini na moja

Mpango huu wote unasimama juu ya jambo moja dogo: kuona ng'ombe anapoingia joto. Ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi. Ili azae tena mapema Februari, lazima apandishwe mwanzoni mwa Mei. Yule wa Agosti apandishwe mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Ukikosa siku hiyo, joto halirudi mpaka baada ya siku 21 hivi.

Tazama hasara yake. Ng'ombe wa Februari akikosewa mara tatu, siku 63 zimepotea, naye atazaa katikati ya Aprili. Kuanzia katikati ya Februari atakuwa katika mapumziko. Wa Agosti naye wakati huo yuko katika lita zake 7 za mwisho. Toa 2 za nyumbani, zinabaki 5 za kuuza. Mwezi mzima utapata shilingi 3,750, ambazo hazifiki hata nusu ya mshahara wa kibarua, na ndio mwezi wa kulima.

Kwa hiyo mtazame ng'ombe asubuhi mapema na jioni, wakati haendi malishoni wala hakamwi. Dalili ya kweli ni kwamba husimama tuli akipandwa na mwenzake. Pengine hulia sana, hupunguza maziwa, na ute angavu kama ute wa yai bichi huning'inia nyuma. Akionekana asubuhi, mwite mtu wa kupandisha aje jioni ile. Akionekana jioni, aje asubuhi ya kesho. Andika tarehe katika kalenda ya ukutani, na uweke alama siku ya 21 mbele yake ili umtazame tena. Kutulia siku hiyo si hakika ya mimba. Baada ya miezi mitatu mwombe daktari wa mifugo ampime kwa mkono.

4. Chakula cha kiangazi kikatwe mvua ikinyesha

Ng'ombe wa Februari huzaa katikati ya kiangazi, wakati nyasi zimekauka. Asipokuwa na chakula cha akiba, lita 15 hazitaonekana, na mahali pake utaona mbavu.

Ng'ombe wawili wakila kilo 20 za saileji kila mmoja kwa siku, kwa siku 90 watahitaji kilo 3,600. Theluthi moja ya eka ya mahindi iliyostawi inatosha. Yakate punje zikiwa laini kama unga uliokandwa, si maji tena na si ngumu bado. Katakata vipande vidogo, shindilia katika shimo au mfuko mkubwa wa plastiki hata hewa itoke, kisha funika usiingie maji. Saileji njema hunuka mchachu mtamu na rangi yake ni ya kijani kibichi iliyofifia. Ikinuka uozo au ikiwa na ukungu, hewa iliingia. Sehemu hiyo itupe, usimpe ng'ombe.

Saileji hii ina bei yake. Theluthi ya eka ingekupa magunia sita au saba ya mahindi. Gharama hiyo, karibu shilingi 4 kwa lita, imo katika zile shilingi 20 tulizozitoa. Mwenye eka moja tu ya mahindi afikiri sana kabla ya kukata theluthi yake. Huyo huenda akafaidi zaidi kwa nepia ukingoni mwa shamba na ng'ombe mmoja, ajue pia kwamba huyo mmoja hatabeba kodi na mshahara pamoja.

5. Fedha zisichanganyike

Chama kikilipa mwisho wa mwezi, fuata mpango huu. Kwanza lipa unga na dawa. Pili mlipe kibarua. Tatu weka shilingi 3,000 za kodi katika sako, hata kama kodi haidaiwi mpaka Januari. Ukizila kwa kuwa hakuna anayezidai leo, mahindi ndiyo yatakayolipa kodi, na hukuongeza kazi ya pili. Umeongeza ng'ombe tu.

Mwisho wa kila mwezi tafuta pia ni shilingi ngapi zimebaki kwa kila lita. Mvua ikizidi, maziwa hujaa sokoni na bei huweza kushuka. Bei ikitoka 45 kufika 35, zinabaki shilingi 15 kwa lita. Hapo deni la 12,000 lingetaka lita 800 kwa mwezi, na ng'ombe hawa hawana. Usikimbilie kununua wa tatu, kwa maana naye atauza kwa bei ile ile na atataka saileji yake. Kama bei haikushuka na fedha zimepungua, tafuta boma lako: unga unapotea, au kiwele kina ugonjwa. Kamua mikamuo ya kwanza katika kikombe cheusi kila asubuhi. Ukiona mabonge, mwite daktari, na maziwa ya ng'ombe aliyepigwa dawa usiyauze mpaka siku alizokuambia zimekwisha.

Maswali ya kujipima

Deni lako la lazima la kila mwezi ni shilingi ngapi? Ni sawa na lita ngapi kwa siku? Ng'ombe wako alipandishwa tarehe gani, na atazaa mwezi gani? Ukishindwa kujibu swali la tatu, nenda bomani leo jioni kabla ya kukamua, na uchukue kalenda.