Kupima urefu wa mti kwa kivuli, ufito na foto moja

Katika koperative za pande za Nizi swali hili linarudi kila mara mtu anapotaka kukata kalitusi karibu na nyumba: mti ukianguka, utafika wapi? Mwenye tronsonezi anayetoka Bunia hataki kupanda barabara bure. Anaomba foto kwanza. Foto ya mti peke yake haimwambii kitu, maana mti wa mita 15 uliopigwa karibu na mti wa mita 30 uliopigwa mbali vinaonekana sawa. Leo tunaeleza namna ya kupiga foto ambayo yeye au komite anaweza kuipima kwa rula na kupata urefu.

Njia inasimama juu ya jambo moja. Kwa wakati mmoja na mahali pamoja, jua linapiga vitu vyote kwa mwinamo uleule. Kama kivuli cha mti ni mara 6 ya kivuli cha ufito, basi mti wenyewe ni mara 6 ya ufito. Watoto wetu walio sekondari watawaambia kwamba hiyo ni teorema ya Talesi, na ni kweli.

Sasa, kwa nini foto, wakati tunaweza kupima vivuli chini kwa kamba? Kwa sababu kivuli hakikai. Kwetu, karibu saa tatu asubuhi, kivuli cha mti wa mita 24 kinapungua kama sentimita 20 kila dakika. Ukipima kivuli cha ufito, halafu uende kufungua kamba iliyojikunja, halafu usalimie mzee anayepita, dakika kumi zimekwisha na kivuli cha mti kimepungua mita 2. Foto inashika vivuli vyote viwili kwa mara moja. Tena, ukipiga foto kwa kulala ili kivuli kizima kiingie, kichwa cha mti mara nyingi kinakatika juu. Hapa haidhuru, maana hatupimi mti, tunapima kivuli.

Tayarisheni ufito ulionyooka wa mita 4 kamili. Ufito wa mita 1 ni mfupi mno, tutaona sababu. Usimamisheni wima upande linakotoka jua, mbali kidogo na mti, kama mita 6, ili ufito, shina na kivuli cha mti vikae kwenye mstari mmoja. Asubuhi kivuli kinalala kuelekea magharibi, kwa hiyo ufito unakaa mashariki ya mti na kivuli chake kinaelekea shina. Kateni majani kwenye mstari huo, kama sivyo kivuli kitapotea ndani yake. Mtu mmoja asimame na gunia jeupe penye ncha ya kivuli cha mti, mwingine aweke karatasi nyeupe penye ncha ya kivuli cha ufito.

Mpiga foto anakwenda kando, kaskazini au kusini ya mstari huo, hatua 40 hivi, na anasimama karibu na katikati yake. Telefone ailaze, aishike wima bila kuiinamisha juu wala chini, na uso wake uuelekee mstari sawasawa, kama mtu anayetazama ukuta mbele yake. Hapo ndipo wengi wanapotea. Akisimama kwa pembeni, upande ulio karibu naye unakuwa mkubwa, upande wa mbali unakuwa mdogo, na hesabu yote inavurugika. Asitumie ile lensi ya 0.5x inayoingiza vitu vingi, maana inavuta vitu vya pembeni.

Tuchukue mfano. Kalitusi iko mita 22 kutoka depo ya mahindi. Foto imechapwa kwa ukubwa wa kawaida wa studio, sentimita 10 kwa 15. Kwa rula, kivuli cha ufito, kutoka mguu wa ufito mpaka kwenye karatasi, ni milimita 17. Kivuli cha mti, kutoka katikati ya shina mpaka kwenye gunia, ni milimita 102. Gawanya 102 kwa 17, unapata 6. Zidisha 6 kwa mita 4: mti una mita 24. Depo iko mita 22. Mti ukiangukia huko utapiga paa.

Lakini tusiiamini ile 24 kama maandiko. Rula inaweza kukosea nusu milimita bila mtu kujua. Kama kivuli cha ufito kilikuwa 16 na nusu, mti unatoka karibu mita 24.7, kama kilikuwa 17 na nusu, unatoka 23.3. Ufito ungekuwa wa mita 1, kivuli chake kwenye foto kingekuwa milimita 4 tu, na nusu milimita ileile ingetupotosha karibu mita 3. Ndiyo sababu tunataka ufito mrefu. Tena ncha ya kivuli cha mti mrefu haina mpaka mkali, inafifia kwa karibu nusu mita. Weka gunia katikati ya mfifio huo. Sisi kwa kazi ya kukata tungeandika mita 26, na watu wote wasiokata tungewasimamisha mara mbili ya urefu huo, yaani mita 52 kutoka shina.

Kosa linaloharibu zaidi ni ufito uliolala kidogo. Ufito wa mita 4 ukiinama kuelekea upande wa kivuli chake hata kichwa kikatoka sentimita 35 nje ya wima, jambo ambalo jicho linaweza kulikosa, kivuli kinaongezeka karibu vilevile na mti wa mita 24 unatoka 22. Katika mfano wetu, hiyo ndiyo tofauti ya kusema “utapiga” na kusema “labda utapona”. Funga jiwe kwenye kamba, ulininginize kando ya ufito, uangalie pande mbili.

Saa nayo ina maana. Nizi iko kaskazini ya ikweta kwa chini ya digrii 2, na mwezi wa tatu na wa tisa jua la saa sita liko karibu kabisa juu ya kichwa. Kivuli kinajificha chini ya matawi. Kazi nzuri ni kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu asubuhi, ama saa tisa mchana kama mvua haijafunga. Katika miezi hiyo miwili, saa tatu kamili, kivuli kinakaribia kulingana na urefu wa kitu chenyewe. Ni njia ya haraka ya kuhakikisha kwamba hesabu yenu haijaenda mbali.

Mlima si kizuizi, mradi ufito na kivuli chote vikae kwenye mteremko uleule ulionyooka. Kivuli kikivuka mtaro au kikipanda ukuta, hesabu haifai. Ngojeeni mchana, kitalala upande wa mashariki, na ufito uhamie magharibi. Jengo linapimwa vilevile, ila ni kivuli cha kilele cha paa kinachohitajika, na kinaanza kuhesabiwa chini ya kilele, si penye ukuta. Mwembe ndio unaosumbua. Kichwa chake ni cha mviringo, na ncha ya kivuli inatoka kwenye matawi ya pembeni, kwa hiyo unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Kwa mwembe pigeni foto mapema, saa moja na nusu, jua likiwa bado chini, na rudini nyuma zaidi ili kivuli kirefu kiingie chote.