Dondoo muhimu: Sinki na kaunta za kumfaa kila mtu

Unajenga Ushetu? Kabla fundi hajatindua ukuta kupitisha bomba, mwambie apime kutoka sakafu iliyokamilika. Zege na vigae vikiongeza sentimita 5, sinki la 80 linabaki 75, na magoti ya mwenye kiti cha magurudumu yanagonga.

Kwake yeye, ukingo wa juu usizidi sentimita 85, na chini pabaki wazi kama 70. Basi sinki lifungwe ukutani, bila kabati wala mguu, na bomba la majitaka lisogezwe nyuma.

Mtu mrefu akunje kiwiko, apime hadi sakafuni, apunguze 10 hadi 15: kiwiko cha 112 kinahitaji kaunta ya karibu 100.

Mtoto mdogo atoshewe na kigoda kisichoyumba.