Kuhariri ripoti ya ajali kazini: Kilichoonekana kwanza, maoni baadaye

Tuseme wewe ni msimamizi wa bohari ya nafaka Malaba, na karani amekuletea ripoti hii: "Asubuhi dereva mzembe alirudisha lori nyuma kwa kasi. Utingo hakuwepo, kwa hiyo mpakiaji akagongwa. Alichelewa kupelekwa hospitalini."

Afisa wa usalama na afya kazini atakayeisoma hatapata humo jambo la kuthibitisha, ilhali fidia ya mpakiaji huenda ikategemea karatasi hiyo.

Anza na saa. Daftari la lango linasema saa 2:10 na kamera inasema 08:14. Ni asubuhi ile ile kwa hesabu mbili za saa, zikipishana dakika nne. Tumia hesabu ya saa 24, maana "2:10" msomaji mwingine ataiona kuwa alasiri. Usichague saa moja kimyakimya. Andika zote mbili na utaje kila moja imetoka wapi.

Neno "mzembe" usilifute tu. Mara nyingi limeficha jambo lililoonekana, kwa hiyo mwulize karani: uliona nini hata ukamwita hivyo? Huenda akajibu kwamba hakuna aliyesimama nyuma kumwelekeza dereva, na kengele ya kurudi nyuma haikulia. Hayo ndiyo ya kuandika. "Kwa kasi" nayo ibaki, lakini kama kauli yake.

Jihadhari pia na "kwa hiyo". Inaonekana kiungo tu, kumbe imeshatoa hukumu kwamba kukosekana kwa utingo ndiko kulikoleta ajali. Hata "-ka-" ya "akagongwa" inadai kwamba tunajua kipi kilitangulia. Kata sentensi:

"Utingo hakuwa nyuma ya lori. Saa 08:14 kwa kamera (08:10 kwa daftari la lango) lori lilirudi nyuma na kumgonga mpakiaji mguu wa kushoto. Karani, aliyekuwa mlangoni, asema lilikwenda kasi na hakusikia kengele. Saa 08:40 kwa daftari la lango, mpakiaji aliondoka kwa gari kwenda Hospitali ya Kocholya."

"Alichelewa" limeondoka, dakika zenyewe zinamtosha msomaji. Kama msimamizi anaamini kengele ilikuwa mbovu, aandike hivyo chini, katika sehemu ya maoni, kwa jina na sahihi yake.

Usihariri hadi wiki ipite. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inampa mwajiri siku 7 kutuma taarifa ya maandishi kwa afisa wa eneo. Mtu akifariki, afisa ajulishwe ndani ya saa 24, hata kama maandishi hayajawa tayari.

Rasimu ya karani isitupwe. Iwekwe kwenye faili ikiwa na tarehe na sahihi yake, kwa kuwa ndiyo kauli yake ya kwanza.