Alama ya Picha: Inapotambua Nakala na Inapokosea

Ili kutambua nakala ya picha ya eksirei, kompyuta huipunguza hadi mistari 8 ya kijivu, kila mmoja wenye vijisehemu 9. Kila kijisehemu hulinganishwa na cha kulia kwake: kikiwa na mwanga zaidi huandikwa 1, la sivyo 0. Hupatikana alama ya tarakimu 64. Nakala iliyopunguzwa ukubwa hutofautiana kwa tarakimu chache tu, kwa kuwa mpangilio wa mwanga na giza haubadiliki. Ikikatwa ukingo mpana, mpangilio huhama na nakala haitambuliki. Kinyume chake, vifua vya wagonjwa wawili vyaweza kupata alama moja, ingawa kimoja kina uvimbe mdogo, kwani uvimbe huo hupotea picha inapopunguzwa. Basi kabla ya kufuta “nakala”, hakikisha mgonjwa na tarehe ni vilevile.