Ujumbe wa Siri Hufumbwa kwa Ufunguo wa Nani?

*Kijitabu cha elimu kwa umma kwa makarani, wahasibu na watunza kumbukumbu wa vyama vya ushirika na ofisi ndogo, Songea na wilaya nyingine za Mkoa wa Ruvuma*

Maelezo tunayoyapima

Yapo maelezo yanayozunguka kwenye mafunzo ya kompyuta na kwenye vitini vinavyotolewa fotokopi bila mwisho. Yanasema kila mtu ana funguo mbili, mmoja wa umma na mwingine binafsi. Kwamba mtumaji anayetaka siri hufumba ujumbe kwa ufunguo wake mwenyewe wa binafsi, na mpokeaji huufumbua kwa ufunguo wa umma wa mtumaji huyo.

Habari ya funguo mbili ni kweli. Hiyo njia ya kutunza siri si kweli, na anayeifuata anatuma nyaraka yake wazi huku akiamini ameifunga. Ufunguo wa umma ndivyo ulivyo: hutolewa kwa yeyote anayeuomba, huambatanishwa kwenye barua pepe, hubandikwa kwenye tovuti. Kama huo ndio unaofumbua ujumbe, basi ujumbe unafumbuliwa na yeyote aliyeupata ufunguo huo, yaani kila mtu.

Njia iliyo sahihi ni hii: mtumaji hufumba kwa ufunguo wa umma wa mpokeaji, na mpokeaji peke yake hufumbua kwa ufunguo wake binafsi. Katika kutunza siri, funguo za mtumaji hazigusi kazi hiyo hata kidogo.

Tuhesabu kwa namba ndogo

Tuchukue karani wa chama cha msingi cha wakulima huko Namtumbo. Mnada wa ufuta umekwisha, na anatakiwa kumpelekea mhasibu aliyeko Songea mjini orodha ya malipo: majina ya wakulima, kilo, namba za akaunti za benki na namba za simu. Ni orodha ambayo tapeli wa simu angeifurahia sana, kwa sababu inamweleza nani amepokea fedha, kiasi gani, na ampigie namba ipi.

Utaratibu wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, unaweza kufuatwa kwa kikokotoo cha kawaida tukitumia namba ndogo. Mhasibu anachagua namba tasa mbili, 3 na 11, anazizidisha, anapata 33. Ufunguo wake wa umma ni 3 pamoja na 33. Ufunguo wake binafsi ni 7 pamoja na hiyohiyo 33. Kufumba au kufumbua ni kuizidisha namba kwa yenyewe mara zinazotajwa na ufunguo, kisha kugawanya kwa 33 na kuchukua baki.

Karani anataka kutuma namba 4. Anatumia ufunguo wa umma wa mhasibu:

```
4 × 4 × 4 = 64            64 ÷ 33, baki 31
```

Anatuma 31. Mhasibu anatumia 7 yake, asiyoijua mtu mwingine:

```
31^7 = 27512614111        ÷ 33, baki 4
```

Ameipata 4. Mtu aliyeinasa 31 njiani anazo 3 na 33 pia, maana ni za umma, lakini 7 hana. Akijaribu kufumbua kwa 3 atapata namba nyingine isiyo na maana.

Sasa tufuate yale maelezo ya kwenye vitini. Kurahisisha mambo, chukulia jozi hiyohiyo ni ya karani. Anafumba 4 kwa ufunguo wake binafsi, 7:

```
4^7 = 16384               ÷ 33, baki 16
```

Anatuma 16, na kweli haifanani na 4. Lakini mtu yeyote mwenye ufunguo wa umma wa karani anafanya hivi:

```
16 × 16 × 16 = 4096       ÷ 33, baki 4
```

Mhasibu ameipata. Ameipata pia mwenye steshenari ambako faili ilitumwa, na yeyote aliyeidaka njiani.

Namba 33 ni ya darasani tu. Yeyote anaiona kuwa ni 3 mara 11, na akishajua hilo ataitafuta 7 kwa dakika moja. Ufunguo halisi wa biti 2048 una namba yenye tarakimu 617, na hakuna njia inayojulikana hadharani ya kuivunja kwa kompyuta tulizonazo.

Kosa limetoka wapi

Halikutoka hewani. Hesabu ya RSA inakwenda pande zote mbili, kama mlivyoona: anayeanza na 3 anamalizia na 7, na anayeanza na 7 anamalizia na 3. Ule mwelekeo wa pili una kazi yake halali kabisa, nayo ni saini ya kidijitali. Kwa kuwa 7 anayo karani peke yake, ile 16 inayorudi kuwa 4 kwa ufunguo wake wa umma ni ushahidi kwamba imetoka kwake. Inathibitisha mtumaji; haifichi kitu. Walimu wengi hueleza saini kwa kusema ni kufumba kwa ufunguo binafsi, na msikilizaji akisikia kufumba anadhani ni siri.

Hata hivyo, kwenye programu za leo kauli hiyo haifai hata kwa saini. Programu haisaini faili nzima. Huikokotolea kwanza muhtasari mfupi, tarakimu chache zinazobadilika ukigusa herufi moja tu ya faili, kisha husaini muhtasari huo. Faili yenyewe inabaki kama ilivyo. Na zipo taratibu za saini, mfano DSA na Ed25519, ambazo hazina uwezo wa kufumba ujumbe wowote. Zinajua kusaini na kuhakiki saini, basi.

Kuna hoja tunayoulizwa mara kwa mara: je, karani akimpa mhasibu pekee ule ufunguo wa umma, si itakuwa siri? Akifanya hivyo, ameuondolea sifa ya kuwa wa umma. Sasa anahitaji njia salama ya kuufikisha ufunguo wenyewe Songea, na tatizo hilo ndilo ambalo Whitfield Diffie na Martin Hellman walikusudia kuliondoa walipoandika juu ya funguo za umma mwaka 1976. Isitoshe, programu hazijatengenezwa kulinda ufunguo wa umma. Huuhifadhi wazi na kuutoa bila kuuliza.

Kwenye kompyuta kosa hili linaonekanaje

Tunatumia GnuPG, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows na Linux. Karani aliyeshika yale maelezo potofu ataandika hivi:

```
gpg --sign malipo.csv
```

Itazaliwa faili `malipo.csv.gpg`. Akiifungua kwa Notepad ataona vurugu ya alama zisizosomeka, na hapo ndipo anaporidhika. Lakini vurugu hiyo imetokana na kubanwa kwa faili ili iwe ndogo. Haikufumbwa. Ipeleke kwenye kompyuta nyingine yoyote yenye GnuPG, isiyo na ufunguo wa mtu yeyote, kisha andika:

```
gpg --decrypt malipo.csv.gpg
```

Orodha yote itamwagika kwenye skrini, majina na akaunti. Chini yake programu italalamika kwa `Can't check signature: No public key`, maana yake haiwezi kuthibitisha ni nani aliyesaini. Kusoma imeshasoma.

Amri iliyo sahihi inamtaja mpokeaji:

```
gpg --sign --encrypt --recipient Mhasibu malipo.csv
```

Hapa kila ufunguo umepata kazi yake. Saini imetoka kwenye ufunguo binafsi wa karani, ili mhasibu ajue orodha haikubadilishwa njiani. Siri imetoka kwenye ufunguo wa umma wa mhasibu. Kwa ndani, programu hubuni ufunguo wa muda kwa ajili ya faili hiyo moja, huufumbia faili, halafu huufumba ufunguo huo mdogo kwa ufunguo wa umma wa mhasibu. Hufanya hivyo kwa sababu hesabu ya RSA ni nzito mno kwa faili kubwa.

Kabla ya kutuma, pima. Andika `gpg --list-packets malipo.csv.gpg`. Ukiona mstari unaoanza na `:pubkey enc packet:`, faili imefumbwa kwa ufunguo wa mtu fulani. Ukiona `:onepass_sig packet:` bila huo wa kwanza, umesaini tu, usitume. Kipimo kingine hakihitaji kusoma mistari: jaribu kuifumbua wewe mwenyewe. Kama hukujiweka kuwa mpokeaji na programu inajibu `No secret key`, kazi imefanyika. Wengi hushtuka hapa na kudhani wameharibu. La. Mtumaji asiyeweza kuirudia faili yake baada ya kuifumba ndiye aliyefumba ipasavyo, na akitaka nakala abaki na ile ya awali mahali salama, au ajitaje kuwa mpokeaji wa pili.

Mambo ambayo ufunguo haufanyi

Karani anajuaje kwamba ufunguo aliopewa ni wa mhasibu kweli? Mtu anaweza kufungua anwani ya barua pepe inayofanana na ya ofisi, akatuma ufunguo wake kwa jina la mhasibu, naye karani akamfumbia yeye orodha yote kwa ufundi usio na dosari. Dawa yake ni amri `gpg --fingerprint`, inayoonyesha alama 40 za utambulisho wa ufunguo. Mpigie mhasibu kwa namba unayoijua tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua pepe hiyo, akusomee alama hizo nawe ukiziangalia kwenye skrini yako. Kwa mtu unayemjua sauti inatosha. Kwa usiyemjua, subiri siku ya kwenda Songea, mkutane naye kwa macho.

Kufumba pia hakufichi jina la faili kwenye barua pepe, wala nani amemwandikia nani na saa ngapi. `malipo_ufuta_mnada.csv.gpg` inasema mengi hata kama haifunguki.

Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini, na anayekusanya taarifa za watu, chama cha wakulima kikiwemo, anawajibika kuzilinda. Kwa ofisi nyingi za huku hatari iliyo karibu zaidi ni kompyuta ya steshenari. Faili ambayo haijafumbwa, iliyonakiliwa humo kutoka kwenye flashi, hubaki kwenye folda ya Downloads au kwenye pipa la takataka baada ya karani kulipa na kuondoka. Ifumbe kwenye kompyuta ya ofisi, uende steshenari na ile yenye `.gpg` peke yake. Ufunguo binafsi usiubebe kwenye flashi hiyo kabisa, kwa kuwa kutuma faili iliyokwisha kufumbwa hakuhitaji ufunguo wowote.